Goliath, Kame na Swali la Nani Atakuunga Mkono

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jane Goodall alipokuwa ndiyo kwanza anazoeleka kwa sokwe wa Gombe, dume mkuu wao aliitwa Goliath. Alikuwa na mwili, alikuwa na ujasiri, na alikuwa mwepesi wa kuwaka. Aliyempindua mwaka 1964 hakuwa na sifa hizo. Mike alikuwa dume wa umbo la kawaida tu, tena wa cheo cha chini, ambaye wenzake walimfukuza bila taabu kwenye ndizi walizogawiwa kambini. Siku moja akagundua madebe matupu ya mafuta ya taa pale kambini. Akajifunza kuyapiga na kuyaburuta mbele yake huku akitimua mbio, manyoya yamemsimama, moja kwa moja kuelekea waliko wakubwa zake. Kelele ile haikuwa imewahi kusikika msituni. Madume walitawanyika, kisha mmoja mmoja wakaanza kurudi kumgunia kwa unyenyekevu. Watafiti walikuja kuyaficha madebe, lakini Mike alikuwa ameshapata alichokitaka. Goliath alijaribu kushindana naye kwa vishindo, na mwishowe wawili hao wakaketi pamoja wakachambuana manyoya kwa muda mrefu. Cheo kikawa kimehama bila damu kumwagika.

Mwaka 1975 Goliath huyohuyo, sasa mzee, aliuawa na madume wa kundi alilowahi kuliongoza.

Nimekaa na habari hizi mbili kwa miaka, kwa sababu nadhani ukizielewa zote mbili kwa pamoja umewaelewa sokwe, na ukishawaelewa sokwe ndipo utawaelewa bonobo. Kinachosemwa sana kuhusu jamaa zetu hawa wawili ni kwamba sokwe ni wakorofi na bonobo ni watu wa amani. Mimi nimezaliwa Kigoma, nasikia habari za sokwe tangu utotoni, na maelezo hayo hayajawahi kuniridhisha. Yanaiweka tofauti ndani ya tabia ya mnyama mmoja mmoja, kana kwamba huyu ameumbwa na hasira na yule ameumbwa na upole. Ushahidi uliokusanywa Gombe, Mahale, na kule Kongo unaonyesha kwamba tofauti kubwa iko mahali pengine. Iko kwenye swali la nani yuko tayari kusimama na nani ugomvi unapozuka.

Tuanze na wanachofanana, maana ni kingi kuliko wengi wanavyodhani. Sokwe na bonobo ni ndugu wa karibu mno waliotenganishwa na mto Kongo. Sokwe wako kaskazini, magharibi na mashariki ya mto, hadi huku kwetu kwenye ufuko wa Tanganyika. Bonobo wako kusini mwa mto tu, ndani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hawapatikani porini katika nchi nyingine yoyote. Wote wawili wanaishi katika makundi makubwa ambayo hayatembei pamoja kutwa nzima. Asubuhi wanagawanyika vikundi vidogo kufuata matunda, jioni au kesho wanakutana tena kwa mchanganyiko mwingine. Na kwa wote wawili, jike akipevuka huliacha kundi alilozaliwa akahamia kwa majirani, ilhali dume hubaki alipozaliwa mpaka kufa. Kwa hiyo dume wa sokwe na dume wa bonobo wanakua katika mazingira yanayofanana: wamezungukwa na madume waliocheza nao utotoni, baadhi yao wakiwa kaka zao wa damu, na mama yao yupo palepale. Majike walio wengi ni wageni waliotoka kwingine.

Ukipewa maelezo hayo tu ukaulizwa ni jinsia gani itashika madaraka, utajibu madume, kwani ndio wenye ndugu karibu. Kwa sokwe jibu lako ni sahihi. Kwa bonobo ni kosa.

Nilipokwenda Gombe na boti kutoka Kibirizi, kitu kilichonifundisha zaidi kilitokea chini ya mkuyu, sokwe kadhaa wakiwa wamejilaza wakichambuana. Sisi tulikuwa tumesimama kwa mbali, barakoa usoni, kama kanuni inavyotaka, kwa kuwa mafua yetu yanaweza kuwaua. Ghafla jike mmoja akaacha kumchambua mtoto wake akatazama juu ya njia. Mimi sikusikia kitu. Dume mkubwa akatokea taratibu, mabega yamepanda, manyoya yamejaa kiasi kwamba alionekana mkubwa kuliko alivyo. Hakumgusa yeyote. Waliokuwa wamelala waliinuka mmoja baada ya mwingine, wakamwendea huku wameinama, wakitoa mguno mfupifupi wa kuhema, kisha wengine wakamgusa mdomo au paja. Mwongozaji wetu alituambia tusimwangalie yeye anayeguniwa, tuangalie nani anakuwa wa kwanza kukaa karibu naye baada ya hapo. Ni kweli. Dume mwingine alisogea, akainua mkono wake, wakaanza kuchambuana. Yule ndiye aliyekuwa mshirika wake.

Mguno huo ndio kipimo ambacho watafiti hutumia kupanga vyeo vya sokwe, kwa kuwa huenda upande mmoja tu: wa chini humgunia wa juu, kamwe si kinyume chake. Lakini anayeguniwa hakai pale kwa nguvu zake peke yake. Figan, aliyekuja kutawala Gombe kuanzia 1973, alipanda kwa msaada wa kaka yake Faben. Faben alikuwa amepooza mkono mmoja tangu mlipuko wa polio wa mwaka 1966, hivyo yeye mwenyewe asingeweza kugombea. Ila kila Figan alipoanza vishindo, Faben alijiunga naye, na adui akijikuta anakabili wawili alikimbia. Kaka mwenye mkono mmoja ndiye aliyemfanya mwenzake awe mkuu.

Upande wa kusini, kwenye milima ya Mahale ambako Toshisada Nishida alianza utafiti mwaka 1965, mchezo huo ulionekana kwa uwazi zaidi katika miaka ya 1970. Kasonta alikuwa mkuu, Sobongo akawa anamtaka, na hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake. Kati yao alikuwapo Kamemanfu, dume wa tatu, mwenye umri mkubwa na asiye na matumaini ya kutawala. Kamemanfu alimuunga mkono huyu, kisha akamgeukia yule. Kila mmoja wa wakubwa wawili alimhitaji, hivyo kila mmoja alimvumilia alipopanda majike ambao kwa kawaida mkuu angewazuilia kwa wivu. Nishida aliiona hali hiyo akaelewa kwamba yule wa tatu ndiye mwenye ufunguo, na kwamba kumaliza mgogoro kusingekuwa na faida kwake.

Sasa, muungano unaokupandisha ndio unaoweza kukumaliza. Mahale hiyohiyo, Oktoba 2011, mkuu aliyeitwa Pimu aliuawa mchana kweupe na madume wa kundi lake mwenyewe. Alikuwa na afya na nguvu. Kilichomponza ni kwamba ugomvi ulipowaka, waliojitokeza kumpiga walikuwa zaidi ya mmoja, na waliojaribu kumsaidia hawakutosha.

Nirudi kwa Goliath, kwani kifo chake kinatokana na mambo hayohayo ila kwa ukubwa mwingine. Kuelekea mwaka 1970 kundi la Kasakela, ndilo lililozoeleka zaidi pale Gombe, lilianza kuwa na pande mbili. Upande wa kaskazini alikuwapo Humphrey, aliyemrithi Mike. Upande wa kusini walikuwapo Hugh na Charlie, madume wawili ambao walikuwa hawaachani, na Humphrey aliwaogopa wakiwa pamoja. Watafiti waliochapisha uchambuzi mwaka 2018 walirudia kumbukumbu za kila siku za miaka ile, za nani alionekana na nani, na wakaona jinsi urafiki kati ya pande hizo mbili ulivyonyauka taratibu. Majike waliokuwa tayari kupata mimba walikuwa wachache, na madume wakuu walikuwa kwenye mvutano wa cheo. Mpaka 1973 mgawanyiko ulikuwa umekamilika. Waliohamia kusini wakaitwa Kahama. Goliath, kwa sababu zake, alikwenda nao.

Tarehe 7 Januari 1974, Hilali Matama, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa wafuatiliaji wa sokwe pale Gombe, alikuwa na kundi la madume wa Kasakela lililokuwa likielekea kusini kimyakimya. Ukimya huo ni dalili. Sokwe wanaotafuta chakula hupiga kelele, ila wanaokwenda doria mpakani hutembea kwa mstari mmoja, husimama kusikiliza, na hunusa majani na ardhi. Walimkuta Godi, dume kijana wa Kahama, akila peke yake juu ya mti. Godi aliruka akakimbia. Humphrey alimkamata mguu, akamwangusha, akamkalia kichwani huku amemshika miguu, na wengine wakampiga na kumng'ata kwa takriban dakika 10. Walipomwachia, mmoja wao alimtupia jiwe kubwa. Godi aliinuka polepole, na hakuonekana tena. Kufikia 1978 madume wote wa Kahama walikuwa wamekwisha, mmoja baada ya mwingine, wengi wao kwa njia ileile, na Goliath akiwa miongoni mwao.

Kinachonishtua katika tukio la Godi si ukali wake, ni hesabu yake. Humphrey akipambana na Godi mmoja kwa mmoja, wote wawili wangeumia. Lakini dume mmoja akimshikilia mwathirika na wengine watano wakipiga, hakuna mshambuliaji anayepata hata mkwaruzo. Mauaji yanakuwa rahisi. Mwaka 2014 jopo la watafiti likiongozwa na Michael Wilson lilikusanya kumbukumbu za jamii 18 za sokwe na 4 za bonobo, zote zikiwa zimefuatiliwa kwa miaka mingi. Kwa sokwe walihesabu mauaji 152, yakiwamo yaliyoshuhudiwa kwa macho, yaliyothibitishwa kwa dalili na yaliyoshukiwa tu. Waliouawa wengi walikuwa wa makundi mengine, na kwa kawaida washambuliaji walikuwa wengi dhidi ya mmoja. Kwa bonobo walipata tukio moja pekee, nalo la kushukiwa.

Kulikuwa na hoja ya siku nyingi kwamba wanadamu ndio waliowaharibu sokwe wa Gombe, kwa ndizi walizokuwa wakigawiwa kambini. Ndizi zile kweli ziliwakusanya na kuwagombanisha, na Goodall mwenyewe alipunguza ugawaji wake. Lakini jopo lile lilipopima, viwango vya mauaji havikufuatana na kiasi cha kuingiliwa na watu. Vilifuatana na idadi ya madume na msongamano wa sokwe katika eneo. Wala ushindi wa Kasakela haukudumu: walipotanuka kusini walikutana na kundi jingine, Kalande, lenye madume wengi kuliko wao, na wakarudishwa nyuma. Wingi wa madume wanaoshikamana ndio silaha, na jirani akiwa na wingi zaidi unaipoteza ardhi.

Tuvuke mto sasa. Wamba ni kijiji katika eneo la Djolu, jimbo la Tshuapa. Takayoshi Kano alifika huko mwaka 1973 kutafuta mahali pa kuwafuatilia bonobo, na utafiti umeendelea hadi leo, ukiacha miaka ya vita vya Kongo ulipolazimika kusimama. Katika miaka ya 1980 jike mkuu wa kundi la pale alikuwa Kame, mama mzee mwenye watoto watatu wa kiume waliokwisha kukua. Mkubwa wao, Ibo, ndiye aliyekuwa juu kuliko madume wote. Jike aliyemfuata Kame kwa heshima aliitwa Sen, naye alikuwa na kijana wake, Ten.

Kadiri Kame alivyozeeka, alipungua hamasa ya kuingilia wanawe walipochokozwa. Ten alianza kumchokoza Ibo. Kila alipofanya hivyo, Sen alikuwa nyuma yake, na hakusita kumkimbiza Ibo mwenyewe. Mambo yakafika mahali mama hao wawili wakakamatana wao kwa wao, wakagaragazana chini, na Sen akambana Kame. Ugomvi ule ulimaliza kila kitu. Kame hakupata tena hadhi yake, na wanawe waliteremka. Baada ya Kame kufa, walibaki pembezoni mwa kundi, na Ten akawa dume wa juu. Sijui habari yoyote ya sokwe inayofanana na hiyo. Madume watatu ndugu, wakubwa, wenye nguvu, wamezaliwa kundi moja: kwa sokwe hao wangekuwa ngome ya kutisha. Faben na Figan walikuwa wawili tu, tena mmoja mlemavu, na walitosha. Wana wa Kame walikuwa watatu na hawakusimama pamoja kama kikosi. Nguvu yao ilikuwa mama, na mama alipoanguka walianguka.

Hapo ndipo penye fumbo la bonobo. Madume wao wana kila sababu ya kuungana na hawaungani. Majike, ambao ni wageni wasio na undugu kati yao, ndio wanaoungana. Watafiti wa Wamba wamefuatilia miungano hiyo kwa karibu, na inafuata utaratibu unaotambulika. Dume anamsumbua jike, labda kijana aliyehamia karibuni, au anajaribu kumnyang'anya chakula. Jike anapiga yowe. Majike wakubwa waliopo karibu wanakuja mbio, na dume anakimbia kabla hawajamfikia au anapigwa wakimfikia. Mara nyingi jike mkubwa ndiye anayemsaidia mdogo. Kwa mgeni aliyeingia kundini bila ndugu hata mmoja, hiyo ni sababu ya kutosha ya kukaa karibu na mabibi.

Mwaka 2025 Martin Surbeck na Barbara Fruth, pamoja na wenzao, walichapisha hesabu ya takriban miaka 30 kutoka jamii sita za bonobo porini. Katika migogoro kati ya jike na dume, majike walishinda kwa asilimia 61, na kwa wastani jike alikuwa juu ya asilimia 70 ya madume wa kundi lake. Miungano yao, asilimia 85 ya nyakati, ililenga madume. Hizo si takwimu za utawala kamili wa majike, na makundi yanatofautiana sana, mengine majike wanashinda karibu kila mara, mengine hata nusu hawafiki. Kilichoeleza tofauti hiyo vizuri kuliko vingine ni miungano: pale majike wanapoungana zaidi, wanashinda zaidi. Na dume wa bonobo ni mkubwa kuliko jike kwa mwili, jambo ambalo watu husahau. Jike mmoja hawezi kumtisha kwa nguvu. Watatu wanaweza.

Je, dume wa bonobo ni mpole basi? Hapana, na hili ndilo jambo ninalotaka lisikike. Mwaka 2024 Maud Mouginot na wenzake walichapisha ulinganisho wa madume wa bonobo wa hifadhi ya Kokolopori, huko Kongo, na madume wa sokwe wa Gombe, kutoka makundi ya Kasakela na Mitumba. Walitumia njia ileile kwa wote: unamfuata dume mmoja tangu anapoamka mpaka anapolala, na unaandika kila anapomkimbiza, kumpiga au kumng'ata mwenzake. Madume wa bonobo walikuwa na matukio ya ukali mara 2.8 zaidi ya sokwe, na ya kugusana mwili mara 3 zaidi. Karibu yote yalikuwa dume dhidi ya dume. Na madume waliokuwa wakali zaidi ndio waliopata majike zaidi, kwa bonobo na kwa sokwe vilevile.

Takwimu nyingine katika kazi hiyohiyo ndiyo inayoleta maana. Kwa sokwe, zaidi ya asilimia 13 ya ukali wa madume ulifanywa kwa muungano. Kwa bonobo ilikuwa takriban asilimia 1. Dume wa bonobo anayemchapa mwenzake asubuhi anajua kuwa kibaya zaidi kinachoweza kumpata ni kuchapwa yeye. Hakuna kikosi kitakachomrudia jioni. Ugomvi wao ni mwingi kwa sababu hauna gharama kubwa. Dume wa sokwe lazima apime zaidi, kwani akimgusa mtu huenda amewagusa watu watatu, na siku isiyo na jina wanaweza kumfanyia kama walivyomfanyia Pimu. Anazuia mkono wake mara nyingi zaidi. Ila mkono ukinyanyuka, unaweza kuua.

Namna jamii hizi mbili zinavyopunguza joto la ugomvi nayo inafuata mantiki hiyo. Sokwe, kwa jumla, hutengeneza baada ya kuharibika. Frans de Waal na Angeline van Roosmalen waliliandika jambo hili mwaka 1979 kutokana na sokwe waliofugwa Arnhem, Uholanzi. Wagombanaji walitafutana muda mfupi baada ya ugomvi kuliko siku za kawaida, mmoja akanyoosha mkono kiganja juu, wakabusiana, wakakumbatiana, wakachambuana. Tangu hapo upatanisho wa aina hiyo umeonekana porini pia, ukiwamo Mahale na msitu wa Budongo nchini Uganda, ingawa huko hutokea kwa nadra kuliko kifungoni. Mfungwa hana pa kwenda. Sokwe wa porini akigombana na mtu asiye na kazi naye huondoka tu, wakapotezana siku kadhaa. Wanaopatana zaidi ni wale wanaohitajiana, hasa madume washirika. Ndiyo maana ukitaka kujua uhusiano gani una thamani kwa sokwe, tazama ni ugomvi upi unafuatwa na mkono ulionyooshwa.

Bonobo nao hupatana baadaye, ila wana kitu kinachokuja kabla. Kundi linafika kwenye mti uliojaa matunda. Ni wakati wa hatari, kwa sababu kila mmoja anataka tawi lilelile na sauti zinapanda. Kabla ya kula, au mara tu wakianza, majike wawili hukumbatiana uso kwa uso na kusuguana sehemu za siri kwa sekunde chache, kisha wanaketi kula bega kwa bega. Madume na majike nao hupandana katika hali kama hizo, hata pasipokuwa na uwezekano wa mimba. Mambo haya yamepewa uzito wa kuchekesha katika vyombo vingi vya habari, na watu wa kwetu hulikwepa kwa aibu. Kwa bonobo ni kazi ya kila siku ya kijamii. Huko LuiKotale, kituo cha utafiti wa bonobo karibu na hifadhi ya Salonga nchini Kongo, watafiti walipima mkojo wa majike na kuona kwamba oksitosini, homoni inayohusika na kushikamana, ilipanda baada ya jike kusuguana na jike mwenzake, lakini haikupanda vivyo hivyo baada ya kupandana na dume. Majike waliofanya hivyo zaidi kati yao ndio walioungana zaidi mgogoro ulipotokea. Kwa hiyo kile kitendo cha sekunde chache juu ya mti kinapoza hofu ya chakula, na papo hapo kinawajenga wale ambao dume atakutana nao akileta fujo.

Nao wana ukali wao. LuiKotale hiyohiyo dume aliyeitwa Volker alishambuliwa vikali na kundi baada ya mzozo na jike mwenye mtoto mchanga, na hakuonekana tena. Anayedhani majike wa bonobo wanatawala kwa mapenzi matupu aikumbuke habari ya Volker.

Kwa nini majike wa bonobo wakaweza na wa sokwe wasiweze? Maelezo yanayonishawishi zaidi yanaanza na chakula. Kusini mwa mto Kongo, ndani ya makazi ya bonobo, hakuna sokwe wakubwa wa aina ya gorila wa kushindana nao kwa mimea ya chini, yale mashina laini na majani yanayopatikana mwaka mzima. Matunda yakipungua, bonobo wanaweza kuendelea kutembea wengi pamoja wakila mimea hiyo. Jike wa sokwe wa Gombe, matunda yakipungua, hulazimika kutafuta peke yake na watoto wake, la sivyo atakula kidogo. Huwezi kuungana na mtu usiyekutana naye. Jambo la pili ni uvimbe wa makalio unaoashiria kwamba jike yuko tayari. Kwa bonobo unadumu muda mrefu na hauonyeshi kwa uhakika siku ya yai, hivyo dume hana siku maalumu ya kumlinda na kupigania, na ukali dhidi ya jike haumlipi. Lakini maelezo ya chakula hayajibu kila kitu. Majike wa sokwe wa msitu wa Taï, Ivory Coast, hukaa pamoja kuliko wa Gombe, na bado hawawatawali madume.

Mama naye ana sehemu yake. Utafiti uliochapishwa 2019 ulitumia vinasaba kujua baba wa watoto, na ukaonyesha kwamba dume wa bonobo ambaye mama yake yupo kundini ana nafasi takriban mara tatu ya kuzaa mtoto kuliko asiye na mama. Kwa sokwe, kuwapo kwa mama hakukuongeza kitu. Mama bonobo humsogeza mwanawe karibu na majike wengine, humlinda asivurugwe akiwa na jike, na huwavuruga madume wengine. Ten hakuwa wa kipekee.

Katika jimbo lilelile la Tshuapa ilipo Wamba, kule Kokolopori, kuna makundi mawili ya bonobo, Ekalakala na Kokoalongo, ambayo maeneo yao yanaingiliana sana. Wakikutana mpakani hupiga kelele, madume hukimbizana, halafu wanachanganyika. Wanaweza kutembea pamoja siku nzima au zaidi, wakichambuana manyoya na kugawana matunda na wa kundi la pili, ingawa kila mmoja anabaki anajulikana ni wa wapi. Katika taarifa waliyochapisha mwaka 2023, Liran Samuni na Surbeck walionyesha kwamba wanaovuka mpaka kwa ukarimu ni wachache, na ni walewale walio wakarimu nyumbani kwao. Uadui wa madume bado upo katika mikutano hiyo. Lakini ili Godi afe, ilibidi dume mmoja ashike miguu na wengine wapige, na pale Kokolopori, hata madume wa makundi mawili wakitunishiana misuli, kila mmoja wao bado anapigana peke yake.